Shajara ya mradi: laptopu ya gemu inapochomolewa chaja, wati na fremu zinaenda wapi?

Siku ya 1

Mradi huu umeanzishwa na mdogo wangu. Alikuwa anacheza kwenye laptopu yangu, akachomoa chaja ahamie kochi, na kabla hajakaa vizuri akaniita: "Kaka, mbona gemu imekuwa nzito ghafla? Betri si imejaa?" Imejaa kweli, asilimia 100. Nikamjibu kwamba laptopu inabana matumizi ya umeme, naye akauliza swali lililonikalisha chini: "Inabana kwa nini, kama umeme upo?"

Nataka jibu lenye namba. Mashine yenyewe iko hivi: kadi ya michoro ya NVIDIA inayoruhusiwa kufika wati 115, prosesa inayotulia kwenye wati 45, chaja ya wati 230, skrini ya hezi 144, na betri ya seli nne zilizounganishwa mfululizo, yenye lebo ya volti 15.4 na wati-saa 80.

Njia ya kupima nimeiweka moja kwa siku zote. Ni kipande kilekile cha gemu ileile, mwendo wa sekunde 60 kutoka lango la mji hadi sokoni ambako watu ni wengi, mara tatu kila jaribio, nachukua ya katikati. Kabla ya kupima nacheza dakika kumi ili joto litulie. Naandika namba mbili: wastani wa fremu kwa sekunde, na kiwango cha ile fremu 1 katika kila 100 iliyochelewa zaidi. Hii ya pili naijali kuliko ya kwanza, maana ndiyo jicho linayoihisi kama kukwama.

Kwenye chaja: wastani 97, ya chini 74, kadi inakula wati 113.

Bila chaja: wastani 30, ya chini 29.

Siku ya 2

Nimeitazama ile 30 usiku mzima na haikunikaa sawa. Ni nadhifu mno. Umeme ukipungukiwa, fremu hupanda na kushuka kufuatana na kilichomo kwenye picha: ukitazama ukuta zinapanda, ukigeukia soko zinashuka. Hapa kila fremu ilichukua milisekunde 33.3 bila kuyumba, na 1000 gawanya kwa 30 ni 33.3 hiyohiyo. Aidha kadi ilionyesha kufanya kazi kwa asilimia 50 tu. Kadi iliyobanwa umeme haipumziki. Hujaza asilimia 99 huku ikikimbia kwa mwendo mdogo. Ikiwa inapumzika nusu ya muda, kuna aliyeiambia isubiri.

Aliyeiambia ni Battery Boost, kipengele cha programu ya NVIDIA kinachoweka dari ya fremu laptopu inapokuwa kwenye betri. Kwangu dari ilikuwa 30. Nikaizima, nikapima tena: wastani 51, ya chini 29.

Kwa hiyo kilichomkera mdogo wangu kilikuwa vitu viwili vilivyolaliana, na ukiangalia namba ya juu tu huwezi kuvitenganisha. Dari ya programu unaweza kuiondoa kwa kubofya mara moja. Ile tofauti ya 97 na 51 iliyobaki haiondoki kwa kubofya. Hiyo ndiyo ninayoifuata.

Siku ya 3

Leo nimeacha kukisia, nikaiuliza kadi yenyewe. Amri hii inaandika kila sekunde wati, mwendo wa kadi kwa megahezi, na kiasi cha kazi:

```
nvidia-smi --query-gpu=power.draw,clocks.gr,utilization.gpu --format=csv -l 1
```

Kwenye chaja mwendo ulikuwa karibu megahezi 2130 kwa wati 113. Bila chaja ulikuwa karibu 1130 kwa wati 43, na safu ya kazi iliandika asilimia 98 hadi 99 muda wote. Hapo wengi hupotea: wanaona 99 wanadhani kadi inatoa nguvu zake zote. Namba hiyo inasema tu kwamba kadi haikupata nafasi ya kupumzika. Haisemi ilikuwa inakimbia au inatembea.

Amri ya pili inataja sababu ya kupunguza mwendo:

```
nvidia-smi -q -d PERFORMANCE
```

Bila chaja, mstari wa `SW Power Cap` ulisoma `Active`, na mistari ya joto ilisoma `Not Active`. Joto lilikuwa nyuzi 61 tu. Kwa hiyo kinachoibana si joto wala vumbi kwenye feni, ni kikomo cha wati.

Niliangalia pia HWiNFO, programu inayosoma vipimo vya ndani ya mashine, kuona betri yenyewe inatoa kiasi gani. Ilisoma wati 86 wakati wa kipimo. Kadi 43, prosesa 22, jumla 65. Zile 21 zinazobaki ni skrini, kumbukumbu, diski, feni, na umeme unaopotea ukibadilishwa volti njiani. Nilishusha mwanga wa skrini hadi theluthi: betri ikaokoa wati 3, lakini fremu haikuongezeka hata moja. Hilo limenifundisha kwamba kikomo kimewekwa kwa kadi na prosesa moja kwa moja. Wati unazookoa kwenye skrini zinaongeza dakika za kucheza na haziendi kwenye kadi.

Hali ya umeme ya Windows nimeijaribu pia kwa kuiweka `Best performance` kwenye betri. Wastani ulitoka 51 ukawa 52. Nimeirudisha ilivyokuwa.

Siku ya 5

Jambo moja limenishangaza. Kadi inapata asilimia 38 ya wati zake, lakini fremu ni asilimia 53 ya zilizokuwa. Wati zimeshuka kwa kasi kuliko fremu. Nilitaka kuona mkunjo huo peke yake bila betri kuingilia, kwa hiyo nimerudisha chaja na kufunga mwendo wa kadi kwa mkono:

```
nvidia-smi -lgc 210,1200
```

Amri hiyo inataka dirisha la msimamizi, na `nvidia-smi -rgc` huifuta. Nimepima kwenye 1800, 1500 na 1200. Kwa megahezi 1800 nilipata fremu 86 kwa wati 83. Kwa 1500, fremu 74 kwa wati 61. Kwa 1200, fremu 60 kwa wati 46. Ile ya wazi, 2130, ni fremu 97 kwa wati 113.

Tazama hatua ya juu kabisa: kutoka 86 kwenda 97 ni fremu 11, na bei yake ni wati 30. Hatua ya chini, kutoka 60 kwenda 74, ni fremu 14 kwa wati 15. Sababu ni kwamba chipu ikikimbia zaidi inahitaji volti kubwa zaidi ili isikosee, na matumizi ya umeme yanafuata mwendo mara volti mara volti. Mwendo na volti vikipanda pamoja, wati zinaruka. Vikishuka pamoja, wati zinaanguka haraka huku fremu zikishuka polepole. Ndiyo maana laptopu iliyobanwa hadi theluthi moja na kidogo ya umeme wake bado inachezeka.

Lakini jedwali hili limenipa swali jipya. Kwenye chaja, megahezi 1200 ni fremu 60. Betri inaniacha kwenye 1130, ambayo kwa mkunjo huo ingenipa kama 57. Napata 51. Na ile ya chini ni mbaya zaidi: kwenye chaja kwa 1200 ilikuwa 50, kwenye betri ni 29. Kadi peke yake haielezi pengo hilo.

Siku ya 6

Ni prosesa.

Kipimo cha kuitambua ni rahisi na kinafaa kwenye mashine yoyote: shusha ukubwa wa picha hadi mdogo kabisa, ili kadi isiwe na kazi ya maana, kisha linganisha fremu. Kinachobaki ni uwezo wa prosesa. Kwenye chaja nilipata 138. Kwenye betri, 79. Prosesa nayo imewekewa kikomo, na ndani ya soko lenye watu wengi ndiyo inayochelewesha fremu.

Kisha nikaweka rekodi za wati za kadi na za prosesa kando kwa kando, sekunde kwa sekunde, na hapo picha ikakamilika. Kwenye barabara tupu prosesa ilikula wati 18 na kadi 47. Nilipoingia sokoni prosesa ilipanda hadi 30, na papo hapo kadi ikashuka hadi 35. Jumla ilibaki karibu 65 kila mara. Ni mkate mmoja wanaogawana wawili. Kila prosesa inapohitaji mkupuo wa nguvu, inaukata kwenye fungu la kadi, kadi inapunguza mwendo, fremu mbili tatu zinachelewa, kisha fungu linarudi. Kukwama kunakosikika mkononi ni huku kugawana upya, mara nyingi kwa dakika.

Siku ya 8

Sasa swali lenyewe la mdogo wangu: inabana kwa nini, kama umeme upo?

Nimeanza na ripoti ya betri:

```
powercfg /batteryreport
```

Uwezo wa kiwandani ni mWh 80,000. Uwezo wa sasa ikijaa ni 71,200. Miaka imekula asilimia 11. Lakini wati-saa zinasema tu tangi lina ukubwa gani. Ninachokitafuta ni upana wa bomba.

Mashine ikiachiwa kabisa, kadi 115, prosesa 45 na vingine, inataka kama wati 200. Kwa volti 15.4 hizo ni ampea 13. Betri hii ni ya ampea-saa 5.2, kwa hiyo tungekuwa tunaimimina mara mbili na nusu ya ukubwa wake kwa saa. Wati 86 ni ampea 5.6 tu, karibu ukubwa wake mara moja. Seli za laptopu huundwa kubeba umeme mwingi ndani ya unene mdogo, na hazikuundwa kuumimina haraka kama betri ya drili.

Nimepima ukinzani wa ndani kwa njia ya kawaida ya nyumbani: soma volti mashine ikiwa imetulia, anzisha mzigo, soma tena. Betri ikiwa asilimia 90, volti zilitoka 16.5 zikaangukia 15.9. Ikiwa asilimia 32, zilitoka 14.7 zikaangukia 13.9, kwa ampea 6.2. Mwanguko wa volti 0.8 kwa ampea 6.2 ni omu 0.13. Si kipimo cha maabara, maana hata mashine ikiwa imetulia kuna umeme kidogo unatoka, lakini kwa hesabu ninayoifanya kinatosha.

Sasa weka wati 200 kwenye betri hiyohiyo ya asilimia 32. Ili kutoa wati hizo inahitaji karibu ampea 15.7, na ampea 15.7 mara omu 0.13 ni mwanguko wa volti 2. Pakiti inashuka hadi volti 12.7, yaani chini kidogo ya 3.2 kwa kila seli. Hapo ni jirani na eneo ambalo saketi ya ulinzi hukata umeme kuokoa seli, na mkupuo mmoja wa kadi unatosha kuvuka mstari. Ukivuka, laptopu inazimika kama taa, betri ikiwa bado na theluthi yake.

Na kuna joto. Joto linalozaliwa ndani ya betri ni ampea mara ampea mara omu. Kwa ampea 6.2 ni wati 5. Kwa ampea 15.7 ni wati 32. Wati 32 za joto ndani ya seli zilizobandikwa chini ya pale unapopumzisha viganja, mahali pasipo na feni wala bomba la kupoza. Mzigo umeongezeka mara mbili na kidogo, joto limeongezeka mara sita. Hiyo ndiyo namba niliyompelekea mdogo wangu. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi inajilinda."

Inajilinda, na kikomo hicho kimeandikwa kwenye programu dhibiti ya bodi mama, chini ya Windows. Ndiyo maana hakuna kitelezi cha Windows kinachokifikia. Nimeona watu wakitafuta namna ya kukivunja. Nikitazama hizo wati 32, mimi sitajaribu.

Siku ya 9

Jaribio fupi. Nina chaja ndogo ya USB-C ya wati 100. Nimeichomeka badala ya ile kubwa: alama ya kuchaji inaonekana, Windows inaamini iko kwenye umeme, na wastani ni fremu 55. Kwa hiyo alama ya plagi si ushahidi. Atakayeona laptopu yake ni nzito "hata ikiwa kwenye chaja" aangalie kwanza wati zilizoandikwa kwenye chaja yenyewe.

Siku ya 10

Nimeendesha betri kutoka juu hadi chini, nikipima kila ilipopungua asilimia 10. Kuanzia 100 hadi 40 wastani ulikuwa 50 au 51 kila mara. Nilitarajia kushuka kidogo kidogo. Haikuwa hivyo. Karibu na asilimia 30 ilianguka kwa hatua moja: fremu 38, betri ikitoa wati 62, kadi 25 na prosesa 17. Kwa hatua kali namna hiyo, naona ni sharti la pili kwenye programu dhibiti, na baada ya hesabu za juzi lina maana: volti zikiwa chini, wati zilezile zinadai ampea nyingi zaidi kutoka kwenye seli zenye ukinzani mkubwa zaidi. Kwenye mashine nyingine kizingiti kinaweza kuwa mahali pengine au kisiwepo; unakijua kwa kupima tu.

Siku ya 12

Kikomo siwezi kukipandisha. Ninachoweza ni kuhakikisha mashine haikigusi.

Ile ya Siku ya 6 ndiyo ufunguo. Kukwama kunatokea kwa sababu kadi inameza kila wati iliyobaki ili kutoa fremu nyingi iwezekanavyo, na prosesa ikihitaji kidogo haikuti akiba. Nikiiwekea kadi dari chini kidogo ya uwezo wake, akiba inabaki kwa ajili ya mikupuo.

Nilianza na dari ya 45 kwa kitelezi cha gemu yenyewe. Ya chini ilipanda hadi 38, lakini mwendo ulikuwa na mtikisiko mdogo wa kudumu. Ilinichukua muda kuelewa: skrini inajichora mara 144 kwa sekunde, na 144 haigawanyiki kwa 45. Fremu nyingine zinakaa mizunguko mitatu, nyingine minne. 48 inagawanyika, kila fremu mizunguko mitatu kamili. Wenye skrini inayofuata kasi ya kadi hawana haja na hesabu hii, yangu haifuati.

Tatizo la 48 ni kwamba iko karibu mno na uwezo wa 51, haiachi akiba. Nikashusha vivuli ngazi moja, bila dari fremu zikawa 58, kisha nikarudisha dari ya 48.

Matokeo: wastani 48, ya chini 44. Kadi wati 34, prosesa 19, na betri nzima wati 71 mwanga wa skrini ukiwa theluthi. Kabla ya hapo ya chini ilikuwa 29. Wastani umepungua fremu 3, na sokoni gemu haikwami tena.

Siku ya 13

Kwa chini ya asilimia 30 nimehifadhi mpangilio wa pili wenye dari ya 36, yaani mizunguko minne kwa kila fremu, vivuli vikiwa vilevile. Betri inatoa wati 57, na `SW Power Cap` inasoma `Not Active` karibu muda wote.

Jioni mdogo wangu amecheza kutoka asilimia 100 hadi 10 bila chaja. Dakika 42 kwenye mpangilio wa 48, akabadilisha mwenyewe ilipofika 30, kisha dakika 14 kwenye 36. Nilipomuuliza kama ameona tofauti alipobadilisha, alisema ameiona, lakini hakukwama, akaendelea kucheza.